Kurasa tisa za Mwenyekiti, ukurasa mmoja wa mteja

Ujumbe wa Mwenyekiti katika ripoti ya mwaka una msomaji wake, na msomaji huyo si mteja. Umeandikwa kwa wanahisa, umechungwa usimkwaze mdhibiti, na katikati yake mna mistari miwili mitatu ya kuwapa moyo wafanyakazi. Mteja hutajwa mwishoni, kwenye shukrani. Kazi yangu, katika taasisi moja ya fedha hapa Unguja yenye matawi hadi Pemba, ni kuuchukua ujumbe huo kila mwaka hesabu zikishafungwa na kuutolea ukurasa mmoja: wa kuwekwa kaunta, wa kubandikwa kwa mawakala, na kipande chake cha kutumwa kwenye simu. Taasisi siitaji, na tarakimu nitakazozitumia hapa nimezigeuza isije ikatambulika. Uwiano wake nimeuacha kama ulivyokuwa, kwa sababu humo ndimo mlimo na habari.

Katika kazi hii sijapata kukuta sentensi ya uongo ndani ya ujumbe wa Mwenyekiti. Haiwi rahisi kuwemo. Rasimu huandikwa na katibu wa bodi, hupitiwa na mhasibu mkuu, kisha bodi nzima huisoma na kila mjumbe akatia neno lake. Uongo, ukija, huja wakati wa kufupisha. Anayefupisha huanza kutupa vineno ambavyo anaona vinamzidishia nafasi: "kwa kiasi fulani", "hadi tarehe 31 Desemba", "kabla ya kodi", "ukiondoa", "kwa wastani". Sentensi ikishatolewa hivyo inakuwa nyepesi na tamu, na kila neno lililobaki ndani yake ni kweli. Ila mteja aliyeisoma ameondoka na habari ya jambo ambalo halikutokea.

Mfano ulionifunza zaidi ni wa mwaka ambao Mwenyekiti aliandika, ukurasa wa tano, kwamba faida kabla ya kodi ilipanda kwa asilimia 41, kutoka shilingi bilioni 3.4 hadi bilioni 4.8, "ikichangiwa kwa kiasi na mauzo ya kiwanja kisichotumika". Watu wa masoko walikuwa wameshatengeneza rasimu yao ya bango kabla sijaletewa mimi. Herufi kubwa, rangi ya kijani: FAIDA YAPANDA KWA ASILIMIA 41. Chini yake picha ya mama anayecheka na simu mkononi.

Nikafungua hesabu zenyewe. Katika taarifa ya faida na hasara kuna mstari unaoitwa mapato mengine, na watu wengi huupita kwa sababu jina lake halina mvuto. Mwaka uliotangulia mstari huo ulikuwa mdogo hata haukustahili kutajwa. Mwaka huu ulikuwa umevimba. Kando yake kuna namba ya maelezo ya hesabu, zile kurasa za nyuma zenye herufi ndogo, na huko imeandikwa wazi kwamba kiwanja kimeuzwa na faida ya mauzo hayo ni bilioni 1.1. Toa 1.1 kwenye 4.8, inabaki 3.7. Kutoka 3.4 hadi 3.7 ni ongezeko la karibu asilimia 9. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa mwaka ule kwa kupokea amana na kutoa uwezeshaji. Iliyobaki ni ardhi, na ardhi ile haiuzwi mara ya pili.

Asilimia 9 si kitu cha kuonea haya. Lakini asilimia 9 na asilimia 41 ni taasisi mbili tofauti machoni mwa mtu anayefikiria ahamishie hapa pesa zake za mauzo ya karafuu.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti mwenyewe. Ni mzee mstaafu, mtu wa maneno machache, na mambo ya karatasi anayajua kuliko sisi. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwekea bango mezani, na pembeni yake ukurasa wa hesabu.

"Kwani nilichosema mimi si kweli?" akaniuliza.

"Ni kweli, Mzee. Na kiwanja umekitaja. Ila hapa hakimo."

Akalitazama bango, akamtazama yule mama anayecheka. "Basi itoeni faida yote. Mteja faida yetu ya nini? Yeye anataka kujua pesa zake."

Hoja yake ina uzito, na kuna miaka ningeikubali moja kwa moja. Mteja wa kaunta hana hisa. Faida ya taasisi haimwingii mfukoni. Lakini safari hii nilimpinga kwa adabu, kwa sababu tarakimu ile ilikuwa inasomwa mkutano mkuu, na ikishasomwa mkutano mkuu itatoka redioni jioni ile ile, na redioni kiwanja hakitatajwa. Tukikaa kimya, mteja ataipata asilimia 41 bila sharti lake, kisha atakuja kwetu na karatasi yetu haisemi kitu. Bora aikute kwetu ikiwa nzima. Tukakubaliana iandikwe hivi: "Faida kabla ya kodi ilikuwa shilingi bilioni 4.8. Kati ya hizo, bilioni 1.1 zilitokana na kuuza kiwanja, jambo ambalo halitajirudia. Bila kiwanja, faida ilikua kwa karibu asilimia 9." Sentensi tatu fupi. Mtu wa masoko alinuna kidogo, maana hazikukaa vizuri kwenye rangi ya kijani.

Tangu hapo nina utaratibu ambao sasa umekuwa mazoea. Ujumbe wa Mwenyekiti siusomi kwanza. Nasoma hesabu zilizokaguliwa na maelezo yake, naandika pembeni mambo matano sita ambayo naona mteja angeuliza, halafu ndiyo nafungua ujumbe. Ukianza na ujumbe, macho yako yanakuwa yameshapewa njia, na kwenye hesabu utakwenda kutafuta ushahidi wa kile ulichokwisha kukipenda. Kisha nachora karatasi ya safu tatu. Safu ya kwanza ni sentensi ya Mwenyekiti kama ilivyo, na sharti lake lote. Ya pili ni ukurasa na mstari wa hesabu unaoibeba. Ya tatu ni sentensi ninayotaka mteja aione. Sentensi ambayo safu yake ya pili iko tupu haivuki. Na nikimaliza naziba safu ya kwanza kwa karatasi, nampa mtu asiyehusika asome ya tatu tu, aniambie ameelewa nini. Mara nyingi huwa ni kijana wa mapokezi. Akiniambia kitu ambacho safu ya kwanza haikukisema, sentensi hiyo narudi kuiandika upya, hata kama maneno yake yote ni sahihi.

Sababu ya ukali huu ni kwamba nyuma yangu hapana mtu. Watu wengi hudhani ripoti ya mwaka ikiwa na sahihi ya mkaguzi wa nje, basi kila kilichomo kimekaguliwa. Sivyo. Anachokitolea maoni mkaguzi ni hesabu na maelezo yake. Ujumbe wa Mwenyekiti uko katika kundi linaloitwa taarifa nyingine, na kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 720 kinamtaka mkaguzi ausome tu na kuangalia kama unapingana kwa kiasi kikubwa na hesabu au na yale aliyoyajua katika ukaguzi. Hautolei uhakika wowote. Sasa kile kipeperushi changu, ambacho ni mtoto wa ujumbe, hakimo ndani ya ripoti, kwa hiyo hata huko kusomwa hakusomwi. Ndiyo maana nilikataa ile alama ya "zimekaguliwa" iliyokuwa imebandikwa kwenye kona ya rasimu moja. Hesabu zilikaguliwa, kipeperushi hakikukaguliwa na mtu yeyote.

Lakini mahali penye hatari kubwa kuliko faida ni malipo ya amana, na hapa nitakaa kidogo.

Taasisi yetu hupokea amana kwa mudharaba. Wasomaji wa huku wanaijua, lakini nieleze kwa wengine: mteja ndiye mwenye mali, taasisi ndiye mfanyaji kazi. Tunapofungua akaunti tunakubaliana mgawanyo wa faida, mathalan fungu hili lako na fungu hili langu, na mgawanyo huo ndio unaojulikana tangu mwanzo. Kiwango hakijulikani mpaka hesabu zifungwe, kwa sababu faida yenyewe haijapatikana. Ikitokea hasara bila ya uzembe au hiana ya mfanyaji kazi, hasara ya mali ni ya mwenye mali. Kwa hiyo mtu akiandika "weka kwetu upate asilimia sita", amefanya makosa mawili kwa mpigo: ameahidi asichokijua, na ameugeuza mkataba kuwa kitu ambacho mteja huyo alikikimbia alipokuja kwetu.

Mwenyekiti aliandika: "Wenye amana za mudharaba waligawiwa faida ya wastani wa asilimia 6.1 kwa mwaka." Ni kweli tupu. Nikamwendea mhasibu nikamwomba anivunjie wastani huo. Akaunti za akiba za kawaida zilipata asilimia 2.6. Amana za muda maalumu za miezi kumi na miwili zilipata asilimia 8.4. Mali iliyowekwa ilikuwa asilimia 40 kwenye akiba na asilimia 60 kwenye muda maalumu, na ukipiga hesabu ndiyo unapata hiyo 6.1.

Sasa fikiria nani anasimama kaunta yetu ya Wete. Ni mwalimu wa skuli, ni muuza samaki, ni mama mwenye kibubu cha kikundi. Karibu wote wana akaunti ya akiba. Waliokamata asilimia 60 ya mali ni wachache: taasisi, wafanyabiashara wa mjini, na baadhi ya jamaa walioko nje. Asilimia 6.1 haikulipwa kwa mtu yeyote. Walioweka akiba walipata chini ya nusu yake, walioweka muda maalumu walipata zaidi. Ukiiweka tarakimu hiyo kwenye kipeperushi cha kaunta, unampa mama wa kikundi namba ambayo hayumo ndani yake.

Hili si la kufikirika. Kuna taasisi nyingine, nayo jina lake naliacha, iliyotoa kipeperushi chenye wastani wa namna hiyo, tena bila neno wastani. Wateja wake wakaja kaunta na karatasi mkononi, wakiwa wamekwisha kupiga hesabu zao kwa kalamu nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Rafiki yangu aliyekuwa akifanya kazi pale aliniambia kwamba jambo lililowatesa ni kuwa hawakuweza kusema mteja amekosea kusoma. Alikuwa amesoma sawasawa.

Basi kwenye kipeperushi chetu wastani wa jumla haukuingia kabisa. Tuliandika aina ya akaunti, na badala ya asilimia tukaweka shilingi: kila 100,000 iliyokaa kwenye akiba mwaka mzima ilipata 2,600, kila 100,000 iliyokaa kwenye muda maalumu miezi kumi na miwili ilipata 8,400. Chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule: "Haya ni malipo ya mwaka uliopita. Ya mwaka huu yatajulikana baada ya kufunga hesabu, na yanaweza kuwa zaidi au pungufu." Niligombania sana ule ukubwa wa herufi. Mtu wa uchapaji alitaka sharti lishuke chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi. Nikamwambia sharti na tarakimu ni kitu kimoja, likipunguzwa moja lipunguzwe na jingine. Kamati ya Sharia, ambayo vipeperushi vyote vya amana hupitia kwake, ilikaa upande wangu, na mjumbe mmoja akaongeza kitu ambacho sikukifikiria: neno "ilipata" liwe la wakati uliopita kila mahali, isionekane hata pahala pamoja "unapata".

La tatu lilikuwa ukuaji wa amana, na ili kulielewa ni lazima uijue Pemba. Ujumbe ulisema amana za wateja zilikua kwa asilimia 22 "kufikia tarehe 31 Desemba". Mizania ni hivyo ilivyo: inaonyesha siku moja tu, siku ya kufunga mwaka. Na siku hiyo kwetu huangukia kwenye msimu wa karafuu au mara tu baada yake. Wakulima wanachuma, wanaanika, wanapeleka kituo cha ununuzi cha ZSTC, wanalipwa, na pesa zinaingia akaunti. Matawi ya Chake Chake, Wete na Mkoani hujaa. Ikifika Machi pesa zimekwisha kutoka: nyumba zimeezekwa, madeni yamelipwa, harusi zimefungwa. Halafu mkarafuu wenyewe hauzai sawa kila mwaka. Kuna mwaka wa neema na kuna miaka ambayo miti hupumzika. Mwaka ule ulikuwa wa neema, na uliotangulia ulikuwa mbaya. Kwa hiyo tulikuwa tunalinganisha Desemba iliyoshiba na Desemba yenye njaa, tukasema tumekua.

Namna ya kulitambua hili haihitaji utaalamu. Nilimwomba mhasibu salio la amana la mwisho wa kila mwezi kwa miaka miwili, tarakimu ishirini na nne kwenye karatasi moja. Ukizitazama tu unaona: mstari unakwenda taratibu mpaka Septemba, unapanda, kisha unashuka baada ya mwaka mpya. Tukachukua wastani wa miezi kumi na miwili ya kila mwaka na kulinganisha. Ukuaji ukawa asilimia 9. Asilimia 22 ilikuwa halali kwenye ripoti, kwa sababu mwanahisa ana mizania mbele yake na tarehe imeandikwa. Kwa mteja tuliandika kwamba kwa wastani wa mwaka mzima amana zilikua kwa asilimia 9, na kwamba mwisho wa mwaka huwa juu zaidi kwa sababu ya msimu wa karafuu. Watu wa Pemba waliicheka sentensi hiyo kwa furaha. Walisema angalau safari hii karafuu zao zimetajwa na mtu asiyekuwa mwanasiasa.

Hapa kuna mpaka niukubali. Wastani wa miezi haumo kwenye hesabu zilizokaguliwa. Ni wetu wa ndani. Kwa hiyo tuliandika kando yake "kwa hesabu za ndani za taasisi". Baadhi ya wenzangu waliona maneno hayo yanapunguza nguvu. Yanapunguza kweli, na ndivyo inavyostahiki: tarakimu iliyokaguliwa na isiyokaguliwa hazina uzito mmoja, na mteja ana haki ya kujua ipi ni ipi.

Idadi ya wateja nitaipita haraka. Rasimu ya ujumbe ilisema "zaidi ya wateja 60,000". Zilikuwa akaunti. Tulipomwomba kijana wa mifumo ahesabu kwa namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au cha NIDA badala ya namba ya akaunti, watu walikuwa pungufu sana, na kati yao wako ambao akaunti zao zimelala. Tukaandika "akaunti" mahali palipokuwa na "wateja", basi.

Iliyokuwa ngumu zaidi ni habari mbaya. Mwenyekiti alikuwa na aya moja: "Mwaka huu tulikamilisha kuhamia mfumo mpya, hatua iliyoambatana na changamoto za muda mfupi." Katika rasimu ya kwanza ya masoko aya hiyo ilibakia "Tumehamia mfumo mpya wa kisasa". Nikampigia simu dada mmoja aliye kaunta Chake Chake, maana yeye ndiye atakayekigawa kipeperushi. Nikamsomea. Akakaa kimya kidogo.

"Dada yangu," akasema, "hivyo vikaratasi mtavileta wenyewe, au mimi ndiye nitakayewapa watu? Hawa mwishoni mwa Ramadhani walikuja kutoa pesa za sikukuu, simu hazifanyi, mashine hazifanyi, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Leo niwape karatasi inasema mfumo wa kisasa?"

Kuna kipimo ambacho nilikipata katika simu ile na bado nakitumia: jambo ambalo mteja amelishuhudia kwa macho yake, ama liandikwe kama alivyoliona, ama habari nzima inayolihusu iachwe. Ukiandika nusu, anaitilia shaka mpaka ile sehemu ya hesabu uliyoihangaikia wiki nzima. Tukaandika kwamba tumehamia mfumo mpya, kwamba katika kuhama huduma za simu na mashine zilikatika siku za kukaribia Idi na watu wakashindwa kutoa pesa zao, na kwamba siku hizi mabadiliko ya mfumo hayafanywi wiki mbili kabla ya sikukuu. Sehemu hii ya mwisho sikuiandika mpaka mkuu wa mifumo aliponitia sahihi kwamba ndiyo kanuni iliyopitishwa. Ahadi kwenye kipeperushi ni rahisi kuitunga kuliko taarifa ya faida, na haina maelezo ya hesabu ya kuisuta. Kwa hiyo nazitaka ziwe na mwenyewe, jina lake na sahihi yake, kwenye ile safu ya pili ya karatasi yangu.

Bodi iliijadili aya hiyo kuliko kitu kingine chochote. Mjumbe mmoja alisema tunajianika. Mwingine akajibu kwamba tumekwisha kuanikwa siku ile ya foleni, hapa tunaeleza tu. Mwenyekiti alikata shauri kwa kuuliza swali moja: je, sentensi hii inapingana na ujumbe wangu? Haikupingana. Yake ilisema changamoto, yetu ilisema ni zipi. Ikapita.

Hilo nalo ni jambo la kuangaliwa. Kipeperushi kinaweza kusema kwa uwazi zaidi kuliko ujumbe, lakini hakiwezi kusema kitu kingine. Nikiona tarakimu ya hesabu inagombana na ya ujumbe, siisahihishi kimya kimya upande wangu. Narudi kwa katibu wa bodi kabla ripoti haijakwenda kwa mchapaji, irekebishwe huko. Ndiyo sababu naomba rasimu ya ujumbe mapema, wakati hesabu ziko kwa mkaguzi, ingawa kipeperushi chenyewe hakitoki mpaka mkutano mkuu umalizike.

Ikabaki simu. Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo, na ukizidi unahesabiwa kuwa ujumbe wa pili na gharama yake. Masoko walitaka faida iende, kwa kuwa ndiyo habari kubwa. Nikajaribu kuiingiza pamoja na kiwanja na ile asilimia 9, haikutosha. Nikajaribu kuiingiza bila kiwanja, ikatosha vizuri sana. Tukaiacha. Kwenye simu tarakimu ambayo sharti lake halienei haisafiri, na haidhuru ni kubwa kiasi gani. Uliotumwa ni huu:

"Mwaka jana kila 100,000 ya akiba iliyokaa mwaka mzima ilipata sh 2,600. Ya mwaka huu itajulikana baada ya kufunga hesabu. Muhtasari kamili upo tawini."

Masoko walilalamika kwamba 2,600 inaonekana ndogo. Ni ndogo. Katika wiki zilizofuata waliofika kaunta na simu zao walikuwa wanauliza jambo moja kwa wingi: hiyo akaunti ya muda maalumu inafunguliwaje, na pesa zikihitajika kabla ya miezi kumi na miwili inakuwaje. Swali la pili halikuwa na jibu kwenye kipeperushi, wala kwenye kurasa tisa za Mwenyekiti, na mwaka uliofuata ndilo nililoliweka juu kabisa katika orodha yangu ya maswali kabla sijafungua hesabu.